Mikopo 80, jedwali moja, na wastani uliozidi hela za kwenye daftari

Kikundi cha kuweka na kukopa, wanachama wengi ni wafanyabiashara wa sokoni na wachache wana mishahara. Mwisho wa mwaka kamati inataka kujua mkopo wa kawaida pale kikundini ni shilingi ngapi, maana mwaka unaofuata wanategemea kutoa mikopo 100 na hela ya ndani haitoshi, itabidi wachukue nyingine benki kwa riba. Jina la kikundi naliacha na namba nimezirahisisha kidogo, ila tatizo lenyewe ndo lilikuwa hivihivi.

Katibu hakuwa na daftari la mikopo mkononi, alikuwa na ripoti tu, na kwenye ripoti mikopo imeshapangwa kwenye makundi. Hili jedwali nimeliandika kwa maelfu ya shilingi ili masifuri yasitusumbue:

| Kiasi cha mkopo (elfu) | Idadi ya mikopo |
|---|---|
| 100 – 199 | 14 |
| 200 – 299 | 22 |
| 300 – 399 | 18 |
| 400 – 499 | 8 |
| 500 – 999 | 13 |
| 1,000 na zaidi | 5 |

Jumla mikopo 80. Sasa ukipewa jedwali kama hili, kiasi halisi cha kila mkopo kimeshapotea. Unajua kuna watu 14 walikopa kati ya laki moja na laki mbili kasoro, ila nani alikopa laki na nusu na nani laki kamili hujui. Kwa hiyo hapa hakuna kutafuta wastani wenyewe, kuna kuukadiria, na njia inayofundishwa sekondari ni kuchukua namba ya katikati ya kila kundi uifanye iwakilishe watu wote wa kundi hilo. Kundi la kwanza katikati ni 150, basi unajifanya wote 14 walikopa laki na nusu kila mmoja. Ukweli ni kwamba ukitaka kuwa mkali sana, katikati ya 100,000 na 199,999 ni 149,999.5, lakini kwa shilingi hiyo nusu haina maana yoyote tuiache.

Katibu alifanya hivyo na alifanya vizuri. Makundi matano ya kwanza katikati zake ni 150, 250, 350, 450 na 750. La mwisho ndo lina kasheshe kwa sababu halina mwisho, "na zaidi" inaishia wapi? Yeye akakumbuka kwamba hajawahi kusikia mtu amepewa zaidi ya milioni mbili, akalifunga hapo, katikati ikawa 1,500. Akazidisha:

```
14 × 150   =  2,100
22 × 250   =  5,500
18 × 350   =  6,300
 8 × 450   =  3,600
13 × 750   =  9,750
 5 × 1500  =  7,500
jumla      = 34,750

34,750 ÷ 80 = 434.375
```

Yaani wastani ni shilingi 434,375. Mara mikopo 100, wanahitaji kama milioni 43 na laki nne. Kamati ikaanza kujadili benki gani ina riba nafuu.

Mweka hazina, mama mmoja mtu mzima ambaye hesabu za makundi na namba za katikati hazimhusu kabisa, ndo aliyekataa. Akasema, "Mwanangu, hiyo thelathini na nne milioni umeitoa wapi? Mwaka mzima tumetoa ishirini na tisa." Akafungua daftari lake la fedha, jumla ya mikopo yote ya mwaka ilikuwa 29,100,000. Gawa kwa 80 unapata 363,750. Kumbe makadirio yamezidi kwa milioni tano na laki sita na nusu kwenye jumla, kwa kila mkopo elfu sabini na kidogo. Kwa mikopo 100 ya mwaka unaofuata ni milioni saba zaidi wanazoenda kukopa na kulipia riba bila sababu.

Hapo ndo nikaitwa mi, maana nafundisha hesabu, nije niseme katibu kakosea wapi. Nikakagua kuzidisha, sawa. Kujumlisha, sawa. Kanuni, sawa. Wa kwanza kushukiwa na kila mtu akawa lile kundi la mwisho lisilo na mwisho, na kweli linatia shaka, kwa sababu ukilifunga milioni tatu badala ya mbili katikati inakuwa 2,000 na wastani unaruka mpaka 465,625, yaani watu watano tu na uamuzi wako mmoja wa kubuni vinasogeza wastani wa watu 80 kwa zaidi ya elfu thelathini. Ila katibu hakubuni vibaya, mkopo mkubwa kweli ulikuwa milioni mbili. Kwa hiyo shida kubwa haikuwa hapo.

Shida iko kwenye kile tunachokiamini kimyakimya tunapochukua namba ya katikati. Tunaamini kwamba ndani ya kundi watu wametawanyika sawasawa, wengine chini wengine juu, kwa hiyo wakichanganywa wanaangukia katikati. Kwa urefu wa wanafunzi au uzito wa magunia hiyo inakubalika. Kwa mikopo? Jiulize mwenyewe watu wanakopaje. Mtu anakopa laki, anakopa laki mbili, laki tatu, nusu milioni, milioni. Akijibana sana anaweka nusu, laki mbili na nusu. Hakuna mtu anaenda kwa mweka hazina akasema nipe laki moja na elfu tisini na tatu. Sasa angalia makundi ya ripoti yanaanzia wapi: 100, 200, 300, 400, 500, 1,000. Yaani kila kundi linaanzia palepale watu wanaporundikana! Wengi wao wako kwenye kizingiti cha chini cha kundi lao, na sisi tunawasogeza katikati kwa nguvu.

Tulifungua daftari tukaangalia. Kundi la 300 – 399 lenye mikopo 18, 14 ni laki tatu kamili na 4 ni laki tatu na nusu. Hakuna zaidi. Wastani wao halisi ni kama 311, sisi tumewapa 350. Kundi la kwanza 9 ni laki moja kamili na 5 ni laki na nusu. Ukiangalia makundi yote sita hakuna hata moja ambalo wastani wake halisi ulifika katikati, yote yako chini, na hii ndo sababu makosa hayakufutana. Kwa kawaida namba ya katikati inazidisha hapa na kupunguza pale, mwishoni zinakaribia kubalance, lakini hapa zote zimevuta upande mmoja.

Ila kuna kitu kingine nilichokuta ambacho kwangu ndo kitamu zaidi. Nilichukua kila kundi nikatoa jumla ya kubuni na jumla ya daftari nione nani kachangia kiasi gani kwenye ile 5,650 (bado tuko kwenye maelfu):

| Kundi | Kwa katikati | Kwenye daftari | Ziada |
|---|---|---|---|
| 100 – 199 | 2,100 | 1,650 | 450 |
| 200 – 299 | 5,500 | 4,750 | 750 |
| 300 – 399 | 6,300 | 5,600 | 700 |
| 400 – 499 | 3,600 | 3,300 | 300 |
| 500 – 999 | 9,750 | 7,300 | 2,450 |
| 1,000 na zaidi | 7,500 | 6,500 | 1,000 |

Mkosaji mkuu si lile la mwisho lililokuwa linashukiwa, ni la 500 – 999 ambalo hakuna aliyeliangalia mara mbili. Lina watu 13 tu na peke yake limeleta zaidi ya asilimia 40 ya kosa lote. Kwa sababu ni pana, upana wake ni laki tano wakati yale manne ya kabla yake ni laki moja moja, na ndani yake 8 walikopa nusu milioni kamili, watatu laki sita, mmoja laki saba na mmoja laki nane. Ukimpeleka mtu wa laki tano kwenye laki saba na nusu umemwongezea laki mbili na nusu, wakati yule wa laki moja umemwongezea elfu hamsini tu. Kundi likiwa pana nafasi ya kukosea inapanuka nalo, kwa hiyo ukiona jedwali ambalo aliyelipanga alichoka huko juu akaanza kubeba laki tano kwa mkupuo, macho yako yaende hapo kwanza.

Tugeukie mediani sasa, maana katibu alikuwa ameitafuta pia na huku mambo yalikuwa na nafuu. Mediani ni yule mkopo wa katikati ukiwapanga wote kuanzia mdogo kwenda mkubwa, na kwenye jedwali unampata kwa kujumlisha idadi ukishuka chini, hiyo ndo inaitwa marudio jumlishi. 14, halafu 14 na 22 ni 36, halafu 54, 62, 75, 80. Nusu ya 80 ni 40. Watu 36 wako chini ya laki tatu na ukifika laki nne wameshakuwa 54, kwa hiyo wa 40 yuko ndani ya 300 – 399. Ndani ya kundi hilo tunahitaji kusogea watu 4 kati ya 18, kwa hiyo tunasogea 4/18 ya upana wa laki moja:

```
300 + (40 - 36)/18 × 100 = 322.2
```

Shilingi 322,222 hivi. Kwenye daftari mikopo ukiipanga, kuanzia wa 37 mpaka wa 50 wote ni laki tatu kamili, kwa hiyo mediani halisi ni 300,000. Imezidi kwa elfu ishirini na mbili, na sababu ni ileile ya kwanza, hesabu inaamini wale 18 wamejipanga kama ngazi kutoka laki tatu hadi laki nne wakati 14 wamekaa mlangoni. Lakini linganisha, wastani ulizidi kwa elfu sabini, mediani elfu ishirini na mbili. Na lile kundi la "na zaidi" halikugusa mediani hata kidogo, ulifunge milioni mbili ulifunge milioni kumi, wa 40 yuko palepale. Mediani ina ulinzi mmoja ambao wastani hauna, haiwezi kutoka nje ya kundi lake. Hata kabla ya kukokotoa chochote, ukishaona 36 na 54 unajua kwa uhakika, si kwa makadirio, kwamba mkopo wa katikati ni laki tatu na kitu.

Huo ulinzi utumie pia kujikagua, maana makosa ya mediani karibu yote yanajionyesha hapo. Kuna kijana wa kamati alijaribu kuirudia akachukua 54 badala ya 36, yaani marudio jumlishi ya kundi lenyewe badala ya yale ya kabla yake, akapata 40 kutoa 54 ni hasi 14, akaendelea tu mpaka 222. Jibu liko kundi jingine kabisa! Lingine ni kwenye grafu. Ukichora marudio jumlishi, nukta inakaa kwenye mwisho wa juu wa kundi, kwa sababu ile 36 maana yake ni watu 36 wameisha ukishafika laki tatu, hawajaisha ukiwa 250. Wanafunzi wengi wamezoea namba za katikati kutoka kwenye wastani basi wanazipeleka na huku, wanaweka 36 juu ya 250 na 54 juu ya 350, wakisoma kwenye 40 wanapata 272. Tena imetoka nje ya kundi la mediani, imeteleza nusu upana mzima kushoto. Na kama unajiuliza kwa nini 40 na si 40 na nusu, kwa sababu wako 80 na wa katikati ni wa 40 na wa 41: kwenye data iliyopangwa makundi tunasoma mahali ambapo nusu ya watu inaisha kwenye mstari, hatumtafuti mtu, kwa hiyo N/2, yaani nusu ya idadi yote, inatosha, na tofauti yenyewe hapa ingekuwa chini ya elfu tatu.

Kabla sijaendelea, kuna jambo la mipaka ambalo kwa hela halikutusumbua ila ukihamia data nyingine litakusumbua. Ukiona 20 – 24 usikimbilie kusema katikati ni 22. Kama ni uzito uliopimwa ukaandikwa kwa kilo kamili iliyo karibu, kundi linaanzia 19.5 linaishia 24.5, na 22 ni sahihi. Kama ni umri, mtu anabaki kuwa na miaka 24 mpaka siku moja kabla ya kutimiza 25, kwa hiyo kundi ni 20 hadi 25 na katikati ni 22.5. Jedwali linaonekana lilelile, ila namba zilivyorekodiwa ni tofauti, na ukitumia 22 kwenye umri wastani wako wote unapungua nusu mwaka bila mtu kugundua. Shuleni tunawakaririsha watoto toa 0.5 ongeza 0.5 kila mahali na hapo mi sikubaliani kabisa, uliza kwanza namba ilirekodiwaje.

Turudi kwa kikundi. Swali la mwenyekiti lilikuwa la maana, akasema sawa, daftari lipo safari hii, je siku halipo, mtu ana ripoti tu, atajuaje kwamba anadanganywa? Kuna hesabu moja fupi naipenda. Badala ya katikati tumia mwanzo wa kila kundi, 100, 200, 300, 400, 500, 1,000, zidisha na ujumlishe. Unapata 25,900, gawa kwa 80 ni 323.75. Hiyo ni sakafu, wastani halisi hauwezi kuwa chini ya 323,750 hata iweje, kwa sababu umempa kila mtu kiwango cha chini kabisa cha kundi lake. Dari hakuna, kwa ajili ya lile kundi lililo wazi. Kwa hiyo ripoti peke yake inasema wastani uko juu ya 323,750, na katikati zinapendekeza 434,375. Pengo ni laki moja na ushee, pengo kubwa hivyo linakuambia jedwali halijui mengi. Na ukishajua kwamba data ni mikopo, na mikopo hurundikana kwenye laki kamili, unajua ukweli uko karibu na sakafu kuliko katikati. Ulikuwa 363,750, ndo hivyo.

Njia nyingine ni kulirekebisha jedwali lenyewe, na hii niliwaonyesha palepale kwa daftari. Sogeza mianzo ya makundi elfu ishirini na tano kurudi nyuma ili laki kamili na nusu zake zikae ndani ya kundi, zisikae mlangoni. Yaani 75 – 174, 175 – 274, 275 – 374, 375 – 474, halafu huko juu 475 – 724, 725 – 1,274 na 1,275 – 2,274. Mikopo ileile 80 inaangukia 14, 22, 18, 8, 12, 4 na 2. Katikati ni 125, 225, 325, 425, 600, 1,000 na 1,775, na jumla inakuwa 30,700. Wastani 383.75, kosa limeshuka kutoka elfu sabini na kidogo hadi elfu ishirini. Mediani inakuwa 275 ongeza 4/18 ya 100, yaani 297.2, pungufu ya ukweli kwa chini ya elfu tatu. Angalia kwamba makundi manne ya kwanza idadi hazikubadilika hata moja, 14, 22, 18, 8 ni zilezile na watu ni walewale, tulichobadilisha ni mahali pa kuchora mstari tu.

Haijawa kamili na haiwezi kuwa. Bado inazidi kidogo, kwa sehemu kwa sababu waliokopa laki kamili ni wengi kuliko waliokopa na nusu, na ile 125 inawachukulia kama wako nusu kwa nusu. Wala usichukue hii elfu ishirini na tano kama dawa ya kila jedwali, inafaa hapa kwa sababu tunajua hatua za kukopa pale ni elfu hamsini. Kikundi ambacho watu wanakopa kwa elfu kumi kumi kitahitaji mipaka yake.

Kamati mwishoni haikutumia 434 wala 383. Kwa bajeti walichukua 363,750 ya daftari, mara 100 ni milioni 36 na laki tatu na elfu sabini na tano, kwa sababu bajeti inahitaji jumla na jumla inatoka kwenye wastani, mediani haikusaidii hapo, ukizidisha laki tatu mara 100 unapata milioni 30 na wale wa milioni moja na mbili watakuta sanduku tupu. Mediani waliitumia kwenye jambo jingine, kuamua mkopo wa mara ya kwanza wa mwanachama mpya usizidi kiasi gani, wakaweka laki tatu.

Na kwenye fomu ya ripoti mweka hazina akaomba iongezwe safu moja tu pembeni ya idadi: jumla ya shilingi kwa kila kundi. Ikiwa na safu hiyo namba za katikati hazihitajiki tena kwa wastani, unajumlisha safu unagawa kwa idadi. Katibu bado atakokotoa mediani kwa marudio jumlishi, maana hiyo safu mpya haisemi wa 40 ni nani.